Bei ya Kesho kwenye Rafu ya Leo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, siku ya mshahara nchini Brazili ilikuwa siku ya mbio. Mtu akishapokea ujira wake hakwenda nyumbani kupumzika. Alikwenda moja kwa moja supamaketi, akajaza mchele, maharage, mafuta ya kupikia na sabuni za kutosha mwezi mzima. Ndani ya duka alikuwepo kijana mwenye kimashine cha kubandika bei, anapita rafu hadi rafu akiweka karatasi mpya juu ya ile ya jana. Wanunuzi wazoefu walikuwa wakimtafuta kwa macho pale tu wanapoingia, kisha wakakimbilia upande ambao hajaufikia.

Mwaka 1993 pekee bei nchini humo zilipanda kwa asilimia 2,477. Kitu kilichouzwa kwa 100 mwezi Januari kilikuwa kinaelekea kuuzwa kwa 2,600 ifikapo Krismasi. Lakini jambo la kutazama kwa makini ni yule kijana na kimashine chake. Bei aliyokuwa akiibandika haikuhesabiwa kwa gharama za jana tu. Ndani yake mlikuwa na kile ambacho bosi wake aliamini kingetokea wiki ijayo. Na kwa sababu maduka yote yaliamini hivyohivyo, wiki ijayo ilipofika kilichoaminiwa kilikuwa kimeshatokea.

Mwenye duka wa Manzese au Gikomba anaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa. Tuseme amenunua katoni ya mafuta kwa shilingi 60,000 na anaiuza kwa 66,000. Anasikia kwa wauzaji wa jumla kwamba mzigo unaokuja utafika kwa 75,000. Akiendelea kuuza 66,000, fedha atakayoikusanya haitatosha kurudisha katoni nyingine rafuni, na duka litakuwa limepungua huku likionekana linapata faida. Kwa hiyo anapandisha leo, mzigo ukiwa bado uko njiani. Mteja naye, akiona bei imeanza kusogea, ananunua madumu mawili badala ya moja, na duka linaishiwa mapema. Dereva anayesikia habari za mafuta anadai nyongeza kwa mwajiri wake. Mwenye nyumba, akipiga hesabu ya mwaka mzima ulio mbele, anaongeza kodi kwa kiwango anachodhani vitu vitapanda. Hakuna mwizi katika mlolongo huo. Kila mmoja anajikinga, na kinga ya kila mmoja inageuka kuwa gharama ya mwenzake.

Hicho ndicho wachumi wanachokiita matarajio ya mfumuko wa bei. Matarajio peke yake hayafiki mbali, maana bei mpya inahitaji fedha ya kuilipa. Kama mifukoni hakuna kitu, mafuta yatakaa rafuni mpaka muuzaji ateremke bei. Lakini pale ambapo serikali inachapisha noti kufidia bajeti yake, na mishahara inaongezwa kila bei inapopanda, fedha ya kubeba bei mpya ipo kila mara. Hapo imani na noti zinasukumana kama watu wawili kwenye pembea.

Si kila wimbi la bei hufikia hatua hiyo. Wakenya wanaukumbuka mwaka 2011: ukame, mafuta ghali kwenye soko la dunia, shilingi ikiporomoka mpaka dola ikapita shilingi 100, na mfumuko wa bei uliofika asilimia 19.7 mwezi Novemba. Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake kutoka asilimia 7 mwezi Septemba hadi asilimia 18 mwezi Desemba. Mvua ikanyesha, mikopo ikapungua, shilingi ikatulia, na kufikia Desemba 2012 mfumuko ulikuwa asilimia 3.2. Yalikuwa maumivu makali kwa aliyekuwa na mkopo wa nyumba, lakini yalikwisha ndani ya mwaka mmoja na kidogo, kwa sababu mishahara, kodi za nyumba na mikataba mingi ya Kenya haikuwa imefungwa kwenye bei za mwezi uliopita. Watu wengi bado waliamini kwamba ile ilikuwa dhoruba ya kupita.

Brazili ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna aliyeamini hivyo tena.

Chanzo chake kilikuwa jambo lililoanza kwa nia njema. Tangu mwaka 1964, serikali ya Brazili ilianza kuruhusu hatifungani, madeni ya kodi na baadaye karibu kila kitu kirekebishwe kufuata mfumuko wa bei uliopita. Lengo lilikuwa mwenye akiba asinyang'anywe na mwekezaji asikimbie. Kadiri miaka ilivyokwenda, utaratibu huo ukaenea kwenye mishahara, kodi za nyumba, ada za shule na akaunti za benki. Kwa mtu mmoja mmoja ulikuwa mwavuli mzuri. Kwa nchi nzima ulikuwa mtambo wa kuhakikisha kwamba bei zilizopanda mwezi huu zinapanda tena mwezi ujao, hata kama sababu ya kwanza imeshaondoka.

Uone kwa watu watatu. Mfanyakazi wa kiwanda cha mikate anaongezewa mshahara kwa kiwango ambacho bei zilipanda miezi iliyopita. Mwenye kiwanda, gharama zake zikiwa zimeongezeka, anapandisha mkate kwa kiwango hichohicho. Mwenye nyumba anayekula mkate huo anapandisha kodi ya chumba anachokaa yule mfanyakazi. Mzunguko umekamilika, na mfanyakazi anarudi kwa bosi kudai nyongeza. Ukimuuliza yeyote kati yao kwa nini anapandisha, jibu ni moja: wenzangu wamepandisha. Na ni kweli. Yule ambaye angeamua kuwa muungwana na kuacha bei yake ilivyo angekuwa maskini kabla ya mwezi kwisha.

Walioumia zaidi ni wale wasiokuwa na mwavuli. Mwenye akaunti benki aliweza kuweka fedha zake mahali zinapoongezeka kila usiku kufuata bei. Mchuuzi wa mtaani, mtumishi wa ndani na kibarua wa shamba walishika noti, na noti ilikuwa inayeyuka mkononi. Fedha ya Jumatatu haikununua Ijumaa kile ilichokuwa inunue. Ilikuwa kodi bila risiti, waliyotozwa wale wasioweza kabisa kuimudu.

Jaribio la kwanza kubwa la kuvunja mzunguko huo lilikuja tarehe 28 Februari 1986. Rais José Sarney alitokea kwenye televisheni akatangaza sarafu mpya, kruzado, yenye sufuri tatu pungufu, na kusimamishwa kwa bei zote nchini. Mantiki yake haikuwa ya kipuuzi: ikiwa kila mtu anapandisha kwa sababu mwenzake anapandisha, basi wote wazuiwe siku moja. Wananchi walilipokea kwa furaha kubwa. Walivaa beji za kujitangaza kuwa wakaguzi wa Sarney, wakaingia madukani na orodha za bei za serikali, na meneja aliyepatikana amezidisha alifikishwa polisi.

Kwa miezi michache mfumuko ulikaribia sufuri. Lakini bei ziligandishwa zilivyokutwa siku hiyo: duka moja lilikuwa limepandisha jana yake, jingine lilikuwa lipandishe kesho yake. Yule wa pili akabaki anauza kwa hasara. Mishahara iliongezewa asilimia 8 juu, na matumizi ya serikali hayakupunguzwa. Watu wakawa na fedha nyingi za kununua vitu ambavyo hakuna aliyetaka kuviuza kwa bei hiyo. Maziwa yakaadimika. Nyama ikatoweka, maana wafugaji waliona afadhali ng'ombe wabaki malishoni wakisubiri bei ifunguliwe, na serikali ikafika hatua ya kutuma polisi mashambani kuwasaka ng'ombe. Novemba, mara tu baada ya uchaguzi, serikali yenyewe ikapandisha bei za mafuta ya magari na bidhaa nyingine. Mwaka uliofuata mfumuko ulikuwa asilimia 363.

Hasara ya kruzado haikuishia hapo. Brazili ilirudia kusimamisha bei mwaka 1987, 1989, 1990 na 1991. Mwaka 1990 Rais Fernando Collor alikwenda mbali zaidi: alizifungia kwa miezi 18 fedha za akaunti za benki zilizozidi kiwango kidogo, na familia zikajikuta haziwezi kugusa akiba zao wenyewe. Kila mara bei zilitulia kidogo kisha zikaruka juu kuliko mwanzo. Na kila mara wafanyabiashara walijifunza somo jipya: waziri wa fedha akianza kuonekana ana siri, pandisha bei upesi, usije ukakutwa chini siku zinapogandishwa. Dawa ikawa sehemu ya ugonjwa. Uvumi tu kwamba bei zitasimamishwa ulitosha kuzipandisha.

Wazo lililokuja kuiokoa nchi lilikuwa limeandikwa zamani, kabla hata ya kruzado. Mwaka 1984 wachumi wawili vijana wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Pérsio Arida na André Lara Resende, walitoa pendekezo lililobatizwa Larida kwa kuunganisha majina yao. Waliona kwamba tatizo la kukata mzunguko ghafla ni ule utofauti wa zamu: siku yoyote utakayochagua, kuna aliyetoka kupandisha na kuna anayengoja zamu yake. Kabla ya kusimamisha kitu, kila mtu apewe nafasi ya kujipanga kwenye mstari mmoja.

Ugumu wa jambo hilo unaonekana vizuri kwenye mshahara. Mchukue mfanyakazi ambaye mshahara wake unarekebishwa kila baada ya miezi minne, bei zikipanda asilimia 40 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza, baada ya nyongeza, mshahara wake unanunua vikapu 100 vya chakula. Mwezi wa pili, mshahara uleule unanunua vikapu 71. Wa tatu, 51. Wa nne, 36. Kisha anapandishwa tena hadi 100, na mteremko unaanza upya. Ukimuuliza mshahara wake ni kiasi gani, atakutajia ule wa siku ya nyongeza, wa vikapu 100. Lakini kwa miezi minne ameishi kwa wastani wa vikapu 65 hivi.

Sasa tuseme bei zinatulia kesho. Mfanyakazi anayedai vikapu 100 kila mwezi anajiona anadai haki yake ya siku zote, kumbe anadai nyongeza ya zaidi ya nusu ya kile alichokuwa anakipata kweli. Mwenye nyumba naye anataka kodi ya kilele chake, mwenye kiwanda bei ya kilele chake. Jumla ya vilele vyote ni kubwa kuliko chungu chenyewe. Wote wakipewa, bei zitalipuka upya wiki ileile. Wote wakikubali wastani, hakuna anayepoteza kitu alichokuwa nacho, ila ni lazima kila mmoja aamini kwamba wenzake nao wamekubali, na kwamba mteremko kweli umekwisha. Ndiyo maana amri ya serikali haikutosha. Watu walihitaji kuona kwa macho yao.

Mei 1993 Rais Itamar Franco alimteua Fernando Henrique Cardoso kuwa waziri wa fedha. Cardoso alikuwa mwanasosholojia, lakini aliwaita wachumi wa Rio: Edmar Bacha, Gustavo Franco, Pedro Malan, na baadaye Arida na Lara Resende wenyewe. Walianza na bajeti, kwa sababu walijua kwamba bila kupunguza hitaji la kuchapisha noti kila kitu kingeporomoka kama mwaka 1986. Bunge likapitisha mfuko wa dharura ulioipa serikali kuu uhuru wa kuzuia sehemu ya matumizi yaliyokuwa yamefungwa kisheria. Halafu walifanya jambo ambalo hakuna mpango uliotangulia uliothubutu kulifanya: walitangaza hatua zao mapema, miezi kadhaa kabla, na kuahidi kwamba bei hazitagandishwa wala akaunti kufungwa.

Tarehe 1 Machi 1994 kilizaliwa kitu cha ajabu. Kilikuwa na jina la fedha lakini hakikuwa fedha. Kwa Kireno kiliitwa kizio halisi cha thamani, na kila mtu akakijua kwa herufi zake, URV. Hakikuwa na noti wala sarafu. Hakuna aliyeweza kukitia mfukoni. Kilikuwa kipimo tu, mfano wa pishi sokoni. Noti zilizoendelea kutumika zilikuwa zilezile kruzeiro reali, zinazoyeyuka. Lakini kila asubuhi Benki Kuu ilitangaza URV moja ni sawa na kruzeiro ngapi siku hiyo, kwa kufuata vipimo vitatu vya bei vilivyokuwa vikitumika nchini. Siku ya kwanza URV moja ilikuwa kruzeiro 647.50.

Mishahara ikageuzwa kuwa URV kwa sheria, kwa kutumia wastani wa miezi minne iliyotangulia, si kilele. Kodi na mikataba mipya ikafuata. Maduka hayakulazimishwa, yaliachwa yapange bei kwa hiari yao, na polepole karatasi za rafuni zikaanza kuonyesha URV.

Tuseme lita ya maziwa ilipangwa kwa URV 0.40. Tarehe 1 Machi mama wa nyumbani aliilipia kruzeiro 259. Baada ya miezi minne aliilipia kruzeiro 1,100. Noti alizozihesabu zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara nne, lakini karatasi ya rafuni bado ilisoma 0.40. Mshahara wa mumewe, uliotajwa kwa URV, ulikuwa nao umebaki palepale. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mtu aliweza kuingia dukani Aprili, kisha Mei, kisha Juni, akakuta bei ileile. Zaidi ya hapo, aliweza kutambua nani anamlangua. Wakati kila kitu kinapanda asilimia 40, aliyeongeza asilimia 45 hajulikani. Lakini maziwa yakitoka 0.40 kwenda 0.42, kila jirani anajua.

Muuza maziwa naye alijifunza. Kabla ya hapo, kuacha bei ilivyo kulikuwa kujimaliza. Sasa aliweza kuiacha 0.40 bila hofu, maana kizio chenyewe kilikuwa kinambebea mfumuko wa kila siku. Hakuwa na haja ya kubashiri wenzake watapandisha kiasi gani, na ule ubashiri ndio uliokuwa umeiendesha nchi.

Kulikuwa na sababu nzito ya kuogopa. Hungari ilijaribu kitu cha jamii hiyo Januari 1946, ikaanzisha fedha ya hesabu za kodi iliyorekebishwa kila siku kufuata bei. Watu wakaikimbia fedha ya kawaida kwa kasi ya kutisha, na kufikia Julai bei zilikuwa zinaongezeka maradufu kila baada ya saa 15 hivi, mfumuko mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa. Wabrazili walijua habari hiyo. Tofauti ni kwamba URV haikuweza kushikwa mkononi wala kulipia kitu, iliishi miezi minne tu, na ilikuja baada ya bajeti kushughulikiwa. Hata hivyo kruzeiro iliendelea kuporomoka: Juni 1994 mfumuko uliopimwa kwa kruzeiro ulikuwa asilimia 47 kwa mwezi mmoja.

Tarehe 1 Julai 1994 URV moja ilikuwa kruzeiro 2,750, na siku hiyo kipimo kikageuzwa kuwa fedha. Kilipewa noti, sarafu na jina jipya, reali, neno ambalo kwa Kireno lina maana ya halisi na pia ya kifalme. Kruzeiro zilikusanywa, na mfumuko wake ukaondoka nazo. Bei hazikuhitaji kusimamishwa na yeyote, kwa kuwa zilikuwa zimesimama tangu Machi kwenye kipimo ambacho sasa ndicho kilichokuwa mfukoni. Mwezi huo mfumuko ulishuka hadi karibu asilimia 7, sehemu yake ikitokana na kampuni zilizowahi kupandisha kwa kuogopa mgando ambao haukuja. Agosti ulikuwa chini ya asilimia 2. Oktoba, Cardoso alichaguliwa kuwa rais.

Isifikiriwe kwamba kipimo kile kilifanya kazi yote. Riba iliwekwa juu sana. Reali ilianza ikiwa na thamani ya dola moja na zaidi, bidhaa za nje zikamiminika kwa bei nafuu, na kiwanda cha ndani kilichotaka kupandisha kilimwona mshindani mlangoni. Viwanda vingine vilikufa kwa sababu hiyo, na wafanyakazi wake hawakulipwa fidia ya utulivu uliowanufaisha wengine. Kilichofanywa na URV ni kuwatoa watu kwenye mazoea bila kuwavunja. Kazi ya kuwazuia wasirudi ilibaki kwa bajeti na riba.

Mtihani wa kweli ulikuja Januari 1999. Serikali ilishindwa kuendelea kuishikilia reali karibu na dola, ikaiachia. Kutoka reali 1.21 kwa dola, ikateremka hadi kupita reali 2 mwanzoni mwa Machi. Kwa akili ya mwaka 1990, kila muuzaji angepandisha vitu vyake kwa kiwango cha dola, na nchi ingerudi ilikotoka. Arminio Fraga alipoingia Benki Kuu mwezi Machi alipeleka riba hadi asilimia 45, na Juni nchi ikatangaza lengo la mfumuko ambalo kila raia angeweza kulisoma. Mwaka ulipofungwa, mfumuko ulikuwa asilimia 8.9. Fedha ilikuwa imepoteza sehemu kubwa ya thamani yake mbele ya dola, lakini muuza maziwa hakuamini kwamba jirani yake atapandisha, kwa hiyo naye akasita.

Tangu wakati huo Benki Kuu ya Brazili inakusanya makadirio ya mabenki na taasisi nyingine kuhusu mfumuko ujao, na kila Jumatatu inachapisha jibu la kati katika ripoti iitwayo Focus. Benki Kuu ya Kenya nayo huuliza mabenki na kampuni wanatarajia nini kabla ya kikao cha kupanga riba. Vipimo hivyo vina upungufu wao. Anayejibu huwa ni mchumi wa benki aliyesoma takwimu jana, wakati anayepanga bei ya nyanya ni mtu ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo mchunguzi makini hutazama pia dalili za mtaani: muuza vifaa vya ujenzi anayekataa kukuandikia bei itakayodumu wiki mbili, mwenye nyumba anayefupisha mkataba kutoka mwaka hadi miezi mitatu, au bei za magari zinazotajwa kwa dola katika nchi yenye fedha yake.

Mwaka 2002 dalili hizo zilirejea Brazili. Luiz Inácio Lula da Silva alikuwa anaelekea kushinda urais, na wenye fedha walihofia angeacha kulipa madeni na kuchapisha noti. Mwezi Juni alitoa barua kwa wananchi akiahidi kuheshimu mikataba, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Oktoba reali ilikaribia 4 kwa dola, na makadirio ya Jumatatu yakapanda wiki baada ya wiki. Mfumuko wa mwaka huo ulifika asilimia 12.5, kabla Lula hajakalia kiti chake hata siku moja.

Alipoapishwa Januari 2003, alimweka Henrique Meirelles Benki Kuu na kumwacha apandishe riba hadi asilimia 26.5 mwezi Februari, katika mwaka ambao wapigakura wake walingoja ajira. Uchumi ulikua kwa asilimia 1 tu na kidogo. Miezi ikapita, reali ikapata nguvu, makadirio ya Jumatatu yakaanza kuteremka. Juni, Benki Kuu ilipoona yanaendelea kushuka, ilipunguza riba kwa mara ya kwanza: kutoka asilimia 26.5 hadi 26.